Mama Saa na Kichupa cha Jumatatu

Wifi yangu nilimchukia miaka miwili mizima kabla hajawa wifi yangu, na sioni sababu ya kuficha. Siku hizo nilimjua kama mwanamke wa dirishani tu. Maabara ya hospitali yetu ina dirisha dogo la kioo lenye uwazi chini, pa kupitishia vichupa vya damu, na nyuma ya kioo kile alikaa yeye, koti jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, miwani imeshuka puani. Mimi nilikuwa nesi mpya wa kliniki ya ujauzito mchanga, mlango wa nne kutoka hapo. Siku ya kwanza nilipompelekea damu aliigeuza, akaisoma lebo, akanirudishia.

"Saa ngapi?"

Nikaangalia ukutani. "Saa tatu kasoro."

"Sijakuuliza sasa hivi ni saa ngapi. Damu hii imetolewa saa ngapi?"

"Asubuhi hii hii."

"Asubuhi ni ndefu, dada. Nenda kaulize."

Nilirudi kliniki natukana kimoyomoyo. Mgonjwa alikuwa ameshaondoka, ikabidi nimkimbilie getini. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Manesi wote walimwita Mama Saa, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Mimi nikaongeza langu, nikawa nasema yule mama hata akifa atamuuliza malaika dakika.

Kisha kaka yangu, ambaye alikuwa na kawaida ya kunifuata kazini jioni, akaanza kuja mapema. Nikadhani ananihurumia kwa uchovu. Kumbe mwenzangu anasimama dirishani pale maabara, anachekacheka na kioo. Alikuja kunichukua mimi, akaondoka na yeye. Nilipomuuliza amempendea nini mtu mkavu vile, akanijibu, "Nilimwambia nitampigia baadaye, akaniuliza saa ngapi. Nikampigia saa hiyo hiyo niliyosema. Tangu hapo ananiamini." Nilivimba wiki nzima.

Basi nikawa nimepata wifi, na mawifi mnatujua. Nyumbani kwake saa za ukutani zilikuwa tatu, na zote zilikubaliana. Nikienda kula naye namtania kwamba wali wake una cheti cha ubora. Yeye hutabasamu kidogo, kisha ananipakulia nyama kubwa kuliko ya mumewe.

Chuki ilinitoka mwaka wa pili wa ndoa yao. Alishika mimba, akaniambia mimi kabla ya kaka yangu, kwa kuwa alitaka nimtoe damu. Namba ya kwanza ya homoni ya mimba ikaja mia sita na arobaini. Baada ya siku mbili, mia nne na kumi. Baada ya siku mbili nyingine, mia moja na tisini. Vipimo vile alivipima mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye mashine yake. Namba zikishuka vile katika wiki hizo hakuna wa kubishana nazo: mimba inaondoka. Aliijua habari hiyo peke yake, amesimama mbele ya skrini, kabla tumbo lake halijaanza kuuma. Akaja mlangoni kwangu nyumbani na karatasi tatu mkononi. Juu ya kila karatasi kulikuwa na saa na dakika. Nilimkumbatia, na tangu siku ile mtu akimsema vibaya mbele yangu atanitambua.

Baadaye Mungu aliwapa mtoto wa kiume, sasa anasoma. Lakini Mama Saa hakupunguza kitu. Alizidi.

Niseme kidogo juu ya hizo namba, maana bila hizo habari yangu haisimami. Yai lililorutubishwa likishajishikiza kwa mama, zile chembe zitakazokuwa kondo la nyuma huanza kumwaga homoni katika damu. Sisi tunaiita hCG. Ndiyo hiyo hiyo inayochora mstari kwenye kile kijiti cha mkojo. Wiki za mwanzo inapanda kwa kasi: hukaribia kujizidisha mara mbili kila baada ya siku mbili hadi tatu. Ikishakuwa nyingi mwendo wake unapungua, na kwenye wiki ya nane mpaka ya kumi hivi inafika kileleni, halafu inaanza kushuka taratibu, na hapo haina ubaya.

Sasa watu wakisikia namba wanataka kujua kama ni nzuri. Wanawake wananishika mkono: "Sista, elfu moja ni nzuri?" Namba moja peke yake haijui kitu. Wanawake wawili wa wiki ile ile, mmoja anaweza kuwa na mia tatu na mwingine elfu tatu, na wote wakajifungua salama. Unahitaji namba mbili, na unahitaji kujua kati yake yamepita masaa mangapi. Kama ya kwanza iko chini ya elfu moja na mia tano, tunategemea baada ya masaa arobaini na nane iwe imeongezeka walau kwa nusu yake. Ikipanda kwa kujivuta chini ya hapo, daktari anakunja uso: huenda mimba inaharibika, au huenda imejishikiza nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija, ambako itakua mpaka ipasue. Na hata ikipanda vizuri haikwambii iko wapi. Hapo unasubiri ultrasaundi ione. Ndiyo maana Mama Saa alikuwa haachi mtu apite bila dakika. Ukiandika masaa arobaini na nane na kumbe ni thelathini na sita, umemsingizia mtoto uvivu.

Sasa nije kwa fundi mapazia.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mrefu, ana duka la kushona mapazia karibu na stendi, na vidole vyake vimejaa alama za sindano. Mimi nilimjua tangu miaka miwili nyuma, alipoletwa anavuja damu tumboni, mimba imepasua mrija wa kulia. Waliukata mrija ule ili aishi. Ukabaki wa kushoto. Tangu hapo alikuwa anakuja kuniuliza mambo, na mumewe yuko nyuma yake siku zote, mwanaume mkubwa mwenye mabega ya mbeba mizigo, ameshika mkoba wa mkewe kwa mikono miwili kama kaambiwa ana yai ndani.

Jumatatu hiyo walikuja na kijiti chenye mistari miwili. Kulikuwa na matone ya damu, kidogo tu, na maumivu hayakuwepo. Nilimtoa damu saa nne na robo, nikaandika saa nne na robo. Mama Saa akaipokea, akasoma lebo, akanitazama juu ya miwani. "Umekua," akasema. Jibu likatoka mchana: elfu moja mia mbili na arobaini. Tukamwambia arudi Jumatano saa ile ile.

Jumatano alirudi, saa nne na robo kamili. Saa sita mchana jibu likaja: elfu moja mia sita na kumi.

Daktari wetu ni kijana, si mtu wa papara, na sitaki mtu amwone mbaya. Alichukua kikokotoo, akapiga, akapiga tena. "Asilimia thelathini," akaniambia kwa sauti ya chini. "Haijafika kiwango. Ilitakiwa karibu hamsini." Akamlaza fundi kwenye kitanda cha ultrasaundi. Mfuko wa uzazi ulikuwa mtupu. Kwa namba ile si ajabu, mara nyingi mapema hivyo huoni kitu. Lakini upande wa kushoto, karibu na ovari, palikuwa na kivimbe kidogo cha mviringo. Kinaweza kuwa ni pale tu yai lilipotokea, ambapo hubaki kivimbe kwa kila mwenye mimba. Kinaweza pia kuwa kile tunachokiogopa. Na kushoto ndiko ulikobaki mrija wake wa pekee.

Akamweleza, na alimweleza kwa upole. Mimba inapanda polepole, haionekani ndani, historia yake mbaya, na mrija umebaki mmoja. Kuna sindano inayozuia chembe zisigawanyike. Ikichomwa mapema mimba inasinyaa yenyewe, mrija unapona, na baadaye anaweza kujaribu tena. Ikichelewa, inaweza kuwa kisu kama mara ile, au mauti.

"Na kama iko ndani ya mfuko?" fundi akauliza.

"Kama iko ndani, sindano itaimaliza," daktari akasema. "Ndiyo maana sikuchomi kwa kubahatisha. Lakini kwa namba hizi, dada yangu, sioni kama ni mimba inayokwenda vizuri."

Fundi hakulia. Alijikaza kisabuni, akaomba karatasi, akasaini. Mumewe akaanza kuufungua mkoba na kuufunga, kuufungua na kuufunga, mpaka nikamwondoa mkono. Mimi niliumia. Nilikuwa nimeshampa moyo Jumatatu, na sasa nikaona domo langu limeniponza.

Kabla ya sindano ile lazima tupime ini, figo na wingi wa damu. Nikamtoa damu nyingine, nikaandika saa saba na dakika ishirini, nikaipeleka dirishani bila maneno. Sindano ilipangwa saa tisa na nusu.

Nimesharudi kliniki, natayarisha trei, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Saa. Nataka mwelewe: katika miaka kumi na moja sikuwahi kumwona yule mwanamke upande wetu wa korido. Damu ilikuwa inamfuata yeye, yeye haifuati damu. Alikuwa amesahau kuvua glavu.

"Wifi," akaniambia, "yule wa ini na figo. Ni kwa ajili ya ile sindano?"

"Ndiyo. Saa tisa na nusu."

"Daktari yuko wapi?"

"Anakunywa chai. Kuna nini?"

"Asichomwe. Nimekosea."

Nilimtazama nikadhani nimesikia vibaya. Yeye akosee?

Ilikuwa hivi. Mashine ya maabara ya kupimia homoni ilikuwa imezeeka, kila wiki inaitiwa fundi mitambo. Jumatatu jioni waliizima kwa mara ya mwisho, wakawasha mpya iliyokuwa imekaa pembeni inajaribiwa. Kitu ambacho watu wengi hawakijui, na hata madaktari husahau, ni kwamba mashine mbili tofauti zinaweza kuipima damu ile ile zikatoa namba tofauti, na zote mbili ziko sawa. Kila moja ina vitendanishi vyake, yaani dawa zake za kupimia, na namna yake ya kuikamata homoni ile. Haidhuru kitu kama mgonjwa anapimwa kwa mashine moja mwanzo mpaka mwisho. Ukivuka kutoka moja kwenda nyingine katikati ya safari, kupanda au kushuka unakokuona kunaweza kuwa ni kwa mashine, si kwa mimba.

Mama Saa alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa ameandika orodha ya wagonjwa wote wanaofuatiliwa, na kila jibu lao jipya aliliwekea maelezo: mashine imebadilishwa, usilinganishe na namba ya nyuma. Wagonjwa ishirini na sita. Fundi mapazia alikuja saa nne na robo, baada ya orodha kufungwa, na damu yake ikapita kwenye mashine ya zamani siku yake ya mwisho. Jumatano ikapita kwenye mpya. Majibu mawili yakakaa kwenye karatasi moja, safu moja, yanafanana kama mapacha. Na chini yake sahihi ya wifi yangu, bila maelezo yoyote.

"Niliuliza saa," akasema. "Kila mtu namuuliza saa. Sikujiuliza mashine."

Nikakimbia kumwita daktari. Alikuja na kikombe mkononi, akasikiliza amesimama, na nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Hakumfokea. Alisema tu, "Hiyo ya zamani imeshazimwa. Tutajuaje?"

"Kichupa cha Jumatatu ninacho," Mama Saa akasema.

Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa ugumu wa yule mwanamke. Maabara nyingine zikishatoa jibu hutupa damu kesho yake ili friji ipumue. Yeye anatunza kila sampuli siku saba, imetenganishwa, imefunikwa, imepangwa kwa siku na kwa saa. Wenzake wamemlalamikia miaka yote. Homoni hii ikikaa kwenye baridi siku mbili haiharibiki. Kwa hiyo angeweza kuchukua kichupa cha Jumatatu na cha Jumatano, akavipima pamoja, mashine moja, saa moja.

"Nipe dakika arobaini," akasema.

"Chukua saa nzima," daktari akamjibu.

"Nimesema arobaini."

Nilimfuata. Kliniki nilimwachia mwenzangu, na kama kuna mtu wa utawala anasoma hapa, anisamehe. Kwanza alipima sampuli za udhibiti, zile ambazo namba zake zinajulikana, kuhakikisha mashine haidanganyi. Zikakubali. Kisha akaviweka vichupa viwili kwenye kishikio, Jumatatu mbele, Jumatano nyuma, na nyuma ya hivyo akaweka sehemu nyingine ya seramu, yale maji ya damu, ya kila kimoja, ili kila siku ipimwe mara mbili. Akafunga mlango wa mashine. Mkono wa ndani ukaanza kuchovya na kunyanyuka, kuchovya na kunyanyuka.

Tulisimama tu. Akasema yeye, macho kwenye skrini:

"Ikiwa ile asilimia thelathini ni ya kweli, nitakwenda kumwambia mwenyewe."

"Si kazi yako."

"Najua ilivyo kuijua namba. Nitamwambia mwenyewe."

Nikamwelewa. Aliwahi kusimama pale pale mbele ya skrini na damu yake.

Namba ya Jumatatu ikatokea. Mia tisa na sitini. Marudio yake, mia tisa hamsini na tano. Nikamshika bega. Ya Jumatano: elfu moja mia sita na kumi. Marudio, elfu moja mia sita. Mimi hesabu sizipendi, lakini hiyo hata mimi niliiona. Yeye alikuwa ameshaipiga kichwani.

"Asilimia sitini na saba na kitu," akasema. "Kwa mwendo huu inajizidisha mara mbili kwa masaa sitini na nne."

"Si arobaini na nane?"

"Arobaini na nane ni hadithi ya vitabuni, wifi. Wengi wazima wanachukua zaidi. Huyu anatembea, hakimbii. Lakini anatembea."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena ikiwa chafu vile vile. Dakika thelathini na nane zilikuwa zimepita. Niliitazama saa yake ya ukutani kwa makusudi.

Daktari alizipokea namba akakaa chini. Akaifuta sindano kwenye faili kwa mstari mmoja, akaandika tarehe. Kisha akaenda kwa fundi na mumewe, na Mama Saa akaenda naye. Sikumwomba. Alisimama mbele yao, glavu ameshavua sasa, mikono hana pa kuiweka.

"Mimi ndiye niliyepima damu zako mbili," akasema. "Nilizipima kwa mashine mbili nikasahau kumwambia daktari. Kosa ni langu. Nimezirudia zote kwa mashine moja. Inapanda inavyotakiwa."

Fundi alimtazama. "Yaani," akasema polepole, "mmenipimia dirisha kwa futi moja, kitambaa kwa futi nyingine."

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Mimi nikifanya hivyo pazia halifiki chini, na mteja ananirudishia." Ndipo akalia, kilio ambacho tangu saa saba alikuwa amekishikilia. Mumewe akaangusha mkoba. Vitu vyote vikamwagika sakafuni, funguo, kitana, rula, chaki, na hakuna aliyeinama kuokota.

Daktari hakuwaacha waelee angani. Aliwaambia wazi kwamba kupanda vizuri hakusemi mimba iko wapi. Bado inaweza kuwa nje. Akisikia maumivu upande mmoja, kizunguzungu, au bega linauma bila sababu, aje mbio, asingoje mtu. Vinginevyo Ijumaa, saa nne na robo.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Nilimpigia fundi simu asubuhi na jioni nikijifanya nauliza bei ya mapazia. Mara ya tatu akaniambia, "Sista, kwako una madirisha mangapi? Maana kwa maswali haya unajenga ghorofa." Hapo nikajua haumwi.

Ijumaa: elfu mbili mia saba na thelathini, mashine ile ile. Asilimia sabini karibu. Mama Saa aliileta karatasi mwenyewe, mara ya pili ndani ya wiki, na watu korido nzima wakatoa macho. Chini ya namba ilikuwa imeandikwa saa, dakika, na sasa mstari mpya: jina la mashine. Na pembeni ya dirisha lake alikuwa amebandika taarifa ya kosa lake, ameiandika kwa mkono, kwamba orodha ya wanaofuatiliwa ifungwe baada ya mashine kuzimwa, si kabla. Mkuu wa maabara alimwambia si lazima aibandike pale watu wanapopita. Hakuibandua.

Jumanne iliyofuata daktari aliweka kile kifaa, akatafuta, akatulia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa fundi, au yeye ameshika wangu, maana niliumia vidole. Katikati ya mfuko wa uzazi palikuwa na duara jeusi, na ndani ya duara kipete cheupe, chembamba, kile kifuko kinachomlisha mtoto kabla kondo halijashika kazi. Ndani. Ndani kabisa, mahali pake. Kile kivimbe cha kushoto kilikuwa ni pale yai lilipotokea, basi. Mumewe akauliza mtoto ni yupi, daktari akamwonyesha, naye mume akasema, "Hicho?" kwa sauti ya mtu aliyetegemea kitu kikubwa zaidi, tukacheka mpaka picha ikatikisika. Wiki moja na nusu baadaye tukaona moyo unapigapiga. Baada ya hapo hatukumpima namba tena. Moyo ukishaonekana, namba zimemaliza kazi yake.

Mama Saa hakuja kuuona. Nilimwita, akasema ana foleni. Lakini kila mwezi, nikimpelekea vichupa, alikuwa ananiuliza kana kwamba kakumbuka tu, "Yule wa mapazia?" Nami namjibu, "Yupo. Amenenepa." Anaitika, anasoma lebo.

Fundi alijifungua katikati ya wiki, asubuhi kweupe. Nilikuwa zamu yangu ya kliniki, nikapewa habari, nikapanda ngazi mbilimbili hadi wodi ya wazazi. Msichana, kilo tatu na robo, ana sauti ya kuudhi. Mama yake amechoka anacheka. Baba yake amekaa kwenye kiti, mkoba uko sakafuni, safari hii amepakata kitu kingine kwa mikono miwili. Nikamwuliza mkunga neno moja, nikaliandika kiganjani kwa kalamu, nikashuka.

Dirishani palikuwa na watu wanne. Nikapita mbele yao wote bila haya, nikainama kwenye ule uwazi wa chini.

"Wifi! Kajifungua. Msichana. Wote wazima."

Kalamu yake ikasimama. Nyuma ya miwani ile chafu macho yalijaa maji, yakafurika, na hakuyafuta. Watu wanne wakawa wanamtazama Mama Saa analia mchana kweupe, hawajui waende wapi. Akafungua mdomo kuniuliza.

Sikumngoja. Nikabandika kiganja changu kwenye kioo.

Saa nne na dakika kumi na saba.